Kastoma amekansel, umwandikie vipi? Meseji fupi, hesabu wazi au ratiba ya tarehe

Hebu soma hii kwanza. Ni ya biashara moja hapa Mombasa, jina tuliache, inauza sistimu ya mauzo na stoku kwa wenye maduka, na hivi ndivyo kastoma alikuwa anajibiwa akishabonyeza kukansel:

> Ombi lako la kusitisha huduma limepokelewa. Utaendelea kufurahia huduma hadi mwisho wa kipindi chako cha malipo. Marejesho ya kiasi kilichosalia yatashughulikiwa ipasavyo ndani ya siku za kazi.

Ukiipitisha macho mbiombio inapendeza, ina adabu zake na Kiswahili kimenyooka. Sasa isome kama mtu ambaye pesa yake imo humo ndani. "Ombi limepokelewa", yaani nimeshakansel ama nangoja mtu akubali? "Hadi mwisho wa kipindi" halafu hapo hapo "kiasi kilichosalia", sasa kama natumia mpaka mwisho, kinachosalia ni kipi? Hayo mawili hayakai nyumba moja. Ama unamwacha amalize siku zote alizolipia na hakuna pesa ya kurudisha, ama unamkatia mapema na unamrudishia pesa ya siku ambazo hatazitumia. Biashara hii inafanya hilo la pili, ila ile sentensi ya kati ilibaki kutoka sera ya zamani na kila mtu akaipita tu. Matokeo yake mtu anakansel Jumatatu akijua ana mpaka Desemba, Jumanne asubuhi anafungua duka, wateja washasimama, sistimu haiuzi.

Kwa hivyo kuibadilisha ni lazima, ubishi uko kwa kuibadilisha iwe ya namna gani. Kuna wanaotaka meseji fupi ya SMS, kuna wanaotaka hesabu iwekwe yote mezani, na kuna wanaotaka ratiba ya tarehe kwa tarehe. Zote tatu nimeziona zikifanya kazi na zote tatu nimeziona zikileta simu kastoma kea, inategemea anayesoma ni nani.

Ili tusiongee hewani, tutumie kastoma mmoja kote. Ni mama ana duka la leso Biashara Street. Alilipa KSh 4,600 ya miezi mitatu, kuanzia 1 Oktoba mpaka 31 Desemba 2025, ambazo ni siku 92. Amekansel Jumatatu tarehe 10 Novemba, saa nne asubuhi. Sera ya biashara iko hivi: siku unayokansel unaitumia yote mpaka usiku, kuanzia kesho yake huwezi kuuza kwa sistimu lakini unaweza kuingia kupakua rekodi zako mpaka 10 Desemba, na pesa ya siku zilizobaki inarudi kwa M-Pesa ile ile iliyolipa ndani ya siku tatu za kazi. Na jambo moja dogo ambalo si dogo: aliyelipa ni mpwawe, kwa laini yake mpwa, namba inaishia 412.

## Tunapima nini

Mambo manne, na yote nayatoa kwa simu ambazo kastoma kea huwa wanapokea baada ya mtu kukansel, manake meseji ya kukansel ikiwa nzuri simu hizo ndizo zinapungua.

La kwanza, mwisho wa kutumia: akishasoma, anajua ni usiku gani wa mwisho na asubuhi gani haingii? La pili, hesabu: akichukua kalkuleta atafika kwa namba ile ile uliyomwandikia? La tatu, pesa ikichelewa: anajua aiangalie wapi, kwa simu ya nani, na mpaka lini ndiyo aanze kulalamika? La nne ni la upande wetu tunaoandika, templeti ikijazwa majina na namba za watu elfu tofauti inavunjika wapi?

Uzuri wa lugha sijauweka. Mtu anayeondoka hataki kubembelezwa, na zile za "tunasikitika kukuona ukienda" mimi huzitoa zote, zinakula nafasi na zinamfanya msomaji atafute jibu chini ya maneno.

## Njia ya kwanza: meseji fupi

> Umesitisha. Utatumia mpaka Jumatatu 10/11 usiku. Jumanne asubuhi hutaweza kuuza. Tunarudisha KSh 2,550 kwa M-Pesa inayoishia 412 kabla ya Alhamisi jioni.

Mwisho wa kutumia. Hapa ndipo inapowashinda wenzake. Jambo linaloumiza limekaa mbele, na angalia vile imetaja pande mbili, usiku wa mwisho na asubuhi inayofuata. Ukitaja tarehe peke yake kuna mtu atajiuliza hiyo tarehe 10 imo ama haimo. Ukimwambia "Jumanne asubuhi hutaweza kuuza" anajipanga hiyo hiyo Jumatatu, anatafuta daftari.

Hesabu. Hakuna. Anapewa 2,550 aichukue kwa imani. Kwa mtu aliyelipa mwezi mmoja pesa kidogo hii si shida, lakini mama wetu alilipa 4,600 na kichwani ana hesabu yake tayari, na yake si 2,550, tutaiona huko chini.

Pesa ikichelewa. Ile "inayoishia 412" ndiyo dawa ya robo ya simu zote, kwa sababu mama angekaa anangoja kwa laini yake wakati pesa ishaingia kwa mpwa. Namba tatu za mwisho zinatosha, usiandike namba nzima kwa meseji. "Kabla ya Alhamisi jioni" nayo ni bora kuliko "siku tatu za kazi" manake hakuna mtu anataka kukaa kuhesabu Jumamosi iko ama haiko. Kinachokosekana ni pa kulalamikia. SMS ya jina la biashara haijibiki, ukibonyeza kujibu haiendi popote, na namba ya simu haijatoshea. Na usijaribu kufidia kwa kuweka linki, watu hapa wameshatapeliwa sana na meseji za "bonyeza upokee pesa yako", ukiweka linki kwa meseji inayoongelea pesa watu wenye akili hawataibonyeza na wasio makini unawafundisha tabia mbaya.

Inavunjika wapi. Hapa pana mengi. SMS moja inabeba herufi 160, ukihesabu nafasi na nukta. Ukizidisha hata moja inagawanywa vipande vya 153 na unalipia kila kipande. Hiyo hapo juu ina 153 na haikuwa hivyo mwanzo. Rasimu ya kwanza ilianza "Umesitisha huduma", ikafika 160 kamili, kila mtu akafurahi, lakini 160 kamili ni kwa mama huyu tu. Akija kastoma wa kurudishiwa 12,550 ni herufi 161 na bili ya SMS imekuwa mara mbili. Ndiyo neno "huduma" likatoka, zikabaki nafasi saba za kupumua. Kwa hivyo ukiandika templeti ya SMS, ihesabu ukiwa umeijaza na thamani ndefu kuliko zote, Jumatatu na si Ijumaa, makumi elfu na si mia tano.

Shida ya pili ni ile alama ya juu. Sema umeamua kuongeza jina la duka kwa meseji na duka liko Ng'ombeni. Ukiliandikia kwa Word, Word inageuza ile alama iliyonyooka inakuwa iliyopinda, kwa macho huoni tofauti, lakini iliyopinda haimo kwa herufi za kawaida za SMS, kwa hivyo meseji nzima inahamia mfumo mwingine wa herufi ambao mwisho wake ni 70, na ikigawanywa ni vipande vya 67. Meseji yako ya 153 imekuwa vipande vitatu kwa sababu ya nukta ya wino. Emoji moja nayo inafanya hivyo hivyo. Utajua kwa ripoti ya kampuni inayokutumia SMS, angalia safu ya idadi ya vipande, ukiona tatu tatu zimejitokeza ghafla tafuta alama.

Inamfaa nani. Wenye simu za kawaida, malipo ya mwezi kwa mwezi, pesa isiyozidi kile mtu anaweza kukisia kichwani, na biashara ambayo sera yake haina masharti mengine ya kueleza. Ya mama wetu ina jambo la rekodi mpaka 10 Desemba, na hapa halijatajwa kabisa.

## Njia ya pili: hesabu wazi

> Umesitisha mpango wako wa miezi mitatu leo, Jumatatu 10 Novemba 2025.
>
> Ulilipa: KSh 4,600 kwa siku 92 (1 Oktoba mpaka 31 Desemba)
> Umetumia: siku 41, pamoja na leo
> Zimebaki: siku 51
> Tunakurudishia: 4,600 × 51 ÷ 92 = KSh 2,550
>
> Leo unatumia kama kawaida mpaka usiku. Kuanzia Jumanne 11 Novemba hutaweza kuuza kwa sistimu.
> Pesa itaingia kwa M-Pesa iliyolipa, inayoishia 412, kabla ya Alhamisi 13 Novemba jioni. Gharama ya kutuma tunalipa sisi.

Mwisho wa kutumia. Upo, lakini umekuja chini ya namba, na mtu mwenye haraka akiona namba za kufuatana anaruka mpaka ile ya mwisho. Faida yake ni kwamba siku ya mwisho na hesabu vimefungwa pamoja, "siku 41, pamoja na leo". Maneno matatu hayo yana kazi kubwa, tuone.

Hesabu. Mama anahesabu hivi. Miezi mitatu ni 4,600, kwa hivyo mwezi ni 1,533 na senti. Oktoba imeisha, Novemba nimetumia siku kumi, nimebakisha siku 20 na Desemba nzima. Desemba 1,533, siku 20 za Novemba ni 1,022, jumla 2,555. Hajakosea kitu, amehesabu kwa miezi na sisi tumehesabu kwa siku, Oktoba na Desemba zina siku 31 na Novemba ina 30, hapo ndipo shilingi tano imepotelea. Shilingi tano si pesa, lakini mtu akiona yake ni 2,555 na yako ni 2,550 hafikirii siku 31, anafikiria umemkata. Halafu kuna mpwa, yeye anasema wamekansel asubuhi kwa hivyo siku ya 10 isihesabiwe, zimebaki siku 52, wanadai 2,600. Meseji fupi haiwezi kumjibu yeyote kati yao. Hii inawajibu wote wawili kwa kuonyesha siku 92 na kusema leo imehesabiwa kwa sababu leo unaitumia.

Ona pia kwamba sikuandika "KSh 50 kwa siku" ingawa hapa inatoka 50 kamili. Inatoka kamili kwa bahati. Januari mpaka Machi mwaka wa kawaida ni siku 90, na 4,600 ukigawanya kwa 90 ni 51.11 na inaendelea. Ukimwandikia mtu "51.11 kwa siku, siku 51" atazidisha apate 2,606.61, na sistimu yako ambayo haikukata desimali njiani itamtumia 2,606.67. Senti sita, na simu imelia. Andika kuzidisha kwanza, kugawanya mwisho, na uamue mapema kama unaviringisha mpaka shilingi nzima, mimi huviringisha juu kwa faida ya kastoma, 2,607, na niseme hivyo kwa mstari.

Pesa ikichelewa. Ile ya "gharama ya kutuma tunalipa sisi" iko hapo makusudi, manake M-Pesa ikisema umepokea pungufu ya ulichoahidiwa, hata iwe shilingi chache, hesabu yako yote safi imekuwa uongo. Kitu kingine cha kueleza hapa, nafasi ipo, ni kwamba pesa inakuja kama malipo mapya. Ni sehemu tu ya ile 4,600, kwa hivyo itakuwa na namba yake mpya ya muamala wa M-Pesa, na mtumaji ataonekana kwa jina la kampuni lililosajiliwa, ambalo mara nyingi si lile jina la sistimu watu wanalolijua. Mtu akitafuta kwa jina analolijua haoni kitu. Mwandikie jina litakaloonekana.

Inavunjika wapi. Kama wewe unayeuza umesajiliwa VAT, 2,550 ina VAT ndani yake, na kwa kiwango cha asilimia 16 ni 351.72. Kastoma naye akiwa amesajiliwa, mhasibu wake atataka krediti noti ya eTIMS, ile sistimu ya ankara ya KRA, inayolingana na hiyo namba, na kama meseji inasema 2,550 na krediti noti imetoka kwa 2,607 au imetoka siku nyingine kabisa, hapo hesabu wazi imekuwa ushahidi dhidi yako. Meseji hii pia haikai kwa SMS, ni ya imeili au ya ndani ya sistimu, na kuna wenye maduka ambao imeili waliyojisajilia walitengenezewa na kijana wa saiba na hawajaifungua tena tangu siku hiyo.

Inamfaa nani. Waliolipa miezi mingi au mwaka, wenye wahasibu, wenye ubia ambao mmoja lazima amwonyeshe mwenzake. Mpwa na mama ni mfano mzuri, pesa imeingia kwa mmoja na duka ni la mwingine, hii ni karatasi ya kusuluhisha.

## Njia ya tatu: ratiba ya tarehe

> Leo, Jumatatu 10 Novemba: umesitisha. Unauza kama kawaida mpaka leo saa 5:59 usiku.
> Kesho, Jumanne 11 Novemba: hutaweza kuuza. Ukiingia utaona ukurasa wa kupakua rekodi tu.
> Kabla ya Alhamisi 13 Novemba jioni: KSh 2,550 zitaingia kwa M-Pesa inayoishia 412 (siku 51 kati ya 92). Zisipoingia, tupigie Ijumaa ukiwa na meseji hii.
> 10 Desemba: siku ya mwisho ya kupakua rekodi. Baada ya hapo tunazifuta.

Mwisho wa kutumia. Ndiyo njia pekee inayotenganisha kuuza na kuingia. Kwa sistimu ya duka hilo ni kubwa, maana "mwisho wa huduma" si mmoja, kuna mwisho wa kuuza na kuna mwisho wa kuona madeni ya wateja wako.

Lakini ukishaanza kuandika saa, karibu kwa matatizo ya saa. Simu yake inaonyesha 11:59 PM, ukimwandikia "saa 11:59 usiku" kwa hesabu yetu hiyo ni alfajiri karibu saa kumi na mbili, umemwongezea masaa sita ambayo sistimu haitampa. Andika saa 5:59 usiku. Na "usiku wa Jumatatu" pia uwe mwangalifu nao, wazee wetu hapa siku yao inaanza magharibi, kwa hivyo kuna mtu atasoma usiku wa Jumatatu akaelewa ule wa kuamkia Jumatatu, ambao kwa wakati huo umeshapita. Ndiyo maana nimeandika "leo", na kwa meseji fupi nikataja Jumanne asubuhi, hapo hakuna wa kuteleza.

Halafu kuna saa ya seva. Developa wengi wanaweka muda kwa UTC, ambayo iko nyuma yetu masaa matatu. Ukisema tu "inaisha tarehe 10" anaweza kukuwekea ya kwanza hapa badala ya ya pili:

```
access_ends_at: 2025-11-10T00:00:00Z
access_ends_at: 2025-11-10T20:59:59Z
```

Ya kwanza kwa saa ya Mombasa ni saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 10. Yaani anakansel saa nne asubuhi na papo hapo amefungiwa, wakati meseji inamwambia ana mpaka usiku na hesabu imemtoza siku nzima ya leo. Ya pili ndiyo saa 5:59 usiku ya kwetu. Kujua uko wapi ni rahisi: fungua akaunti ya majaribio, kansel asubuhi, jaribu kuuza saa hiyo hiyo na tena baada ya isha.

Hesabu. Imebanwa kwa mabano, "siku 51 kati ya 92". Anayetaka kuzidisha atazidisha, asiyetaka hatasumbuliwa. Si wazi kama njia ya pili, na ile hoja ya mpwa kuhusu siku ya 10 haijajibiwa moja kwa moja ingawa mstari wa kwanza unamwambia leo anauza mpaka usiku.

Pesa ikichelewa. Hapa inawapita wote, kwa kuwa imesema Ijumaa fanya nini. Na kwa aliyelipa kwa kadi ndiyo njia inayomfaa zaidi. Rifandi ya kadi inapita benki na kwa kawaida ni siku 5 mpaka 10 za kazi, kwa hivyo kuna tarehe mbili, siku sisi tunaiachilia na siku benki inaiweka kwa akaunti. Zitenganishe mistari miwili, la sivyo atakupigia siku ya tatu na wewe utakuwa umeshatuma. Kama alitozwa dola mwandikie dola, kwa shilingi huwezi kumwahidi kitu, benki itabadilisha kwa bei ya siku yake.

Inavunjika wapi. "Leo" na "kesho" ni kweli siku ya kutumwa tu, imeili ikifunguliwa Jumatano "kesho" imekuwa uongo, ndiyo kila mstari lazima uwe na tarehe pembeni. Na ile ahadi ya kufuta rekodi 10 Desemba si ya kuandika kabla ya kuuliza. Nenda kwa developa umuulize ni kazi gani inafuta na inafuta saa ngapi, ukikuta hakuna kazi kama hiyo usiandike "tunazifuta", na ukikuta inafuta alfajiri ya tarehe 10 basi siku ya mwisho ya kweli ni tarehe 9.

Inamfaa nani. Yeyote ambaye kukansel kwake kuna zaidi ya mwisho mmoja: ana rekodi za kupakua, amelipa kwa kadi, au mkataba una notisi ya siku kadhaa kabla ya kukatwa. Asiye na haya yote ataona ni mistari mingi ya bure.

## Sasa wewe uko wapi

Kama unauza kitu cha mwezi mmoja kwa watu wa Kongowea, wateja wako wanaishi kwa SMS na M-Pesa, chukua ya kwanza, na ile ya pili iweke ndani ya akaunti kwa atakayeuliza. Usipeleke hesabu kwa mtu ambaye hajaomba.

Kama wengi wako wanalipa mwaka mzima, ya pili iwe ndiyo kuu, na hapo angalia jambo moja la ziada. Bei ya mwaka huwa na punguzo. Sera ikisema unarudisha kwa bei ya mwaka aliyolipa, hesabu ni ile ile ya siku. Sera ikisema miezi aliyotumia inatozwa kwa bei ya mwezi isiyo na punguzo, basi mstari wa "umetumia" ni lazima uonyeshe hiyo bei, kwa sababu kastoma yeyote atagawanya alicholipa kwa siku 365 na namba yako itaonekana ni wizi. Kama unaona aibu kuandika mstari huo wazi, zungumza na mwenye sera kabla ya kugusa meseji.

Hoteli ya Diani iliyolipa kwa kadi, kliniki yenye rekodi za wagonjwa, yeyote mwenye data ya kubeba, mpe ya tatu.

Kwa mama wetu wa leso mimi ningetuma mbili, ile fupi kwa SMS dakika hiyo hiyo kwa namba yake ya duka, na ya tatu kwa imeili ya akaunti na nakala ndani ya sistimu ambayo mpwa ataiona. Ukituma mbili kuna sharti moja, tarehe na kiasi vihesabiwe mara moja, vihifadhiwe, na meseji zote mbili zichote hapo. Ukiacha kila templeti ijipigie hesabu, moja itatumwa saa 5:58 usiku na nyingine saa 6:01, moja itasema siku 51 na nyingine 50, na hapo hakuna namna ya maneno ya kukuokoa.

Na kabla hujaiachilia jaribu na mtu anayekansel tarehe 31 Desemba. Ya kwanza itaandika "Tunarudisha KSh 0", ya pili itaonyesha zimebaki siku 0, ya tatu itamwahidi kuingiziwa sifuri kwa M-Pesa. Huyu anataka templeti yake: umesitisha, umetumia siku zote 92 ulizolipia kwa hivyo hakuna pesa ya kurudishwa, na kesho hutatozwa tena.